Dirisha Moja, Taa Moja, na Uso Unaoonekana

Katika nyumba nyingi mtandao hushika vizuri dirishani, na upepo nao hupita hapohapo. Basi mtu mwenye kikao cha video huvuta kiti mpaka dirishani, akaupa mwanga mgongo, akafungua kompyuta mbele yake. Wenzake upande wa pili wanaona mstatili mweupe unaoumiza macho, na katikati yake kivuli kinachoongea. Mwenyewe akijiona hivyo hulaumu kamera. Huingia kwenye mipangilio na kusukuma `Brightness` mpaka mwisho, na hapo dirisha linameza masikio na mabega, uso unapauka, lakini macho bado hayaonekani.

Kamera haijaharibika. Imepiga hesabu zake kama ilivyotengenezwa kupiga. Kamera ndogo ya simu au kompyuta hujipimia mwanga yenyewe: huitazama picha nzima, hutafuta wastani wake, kisha hupandisha au kushusha mwanga inaoupokea mpaka wastani ule ukaribie kijivu cha katikati, kile ambacho wapiga picha hukihesabu kuwa kinarudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Barabarani, penye miti, watu na magari ya rangi mbalimbali, hesabu hiyo hutoa picha nzuri. Ukiwa na dirisha nyuma yako, dirisha ndilo linaloamua wastani. Kamera inashusha mwanga ili dirisha lisizidi, na uso wako unashushwa pamoja nalo.

Ukuta mweupe hufanya fitina hiyohiyo kwa upole zaidi. Rangi nyeupe ya ukutani hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga, na ngozi nyeusi hurudisha sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Vyote viwili vikipata mwanga sawasawa, kamera itauona ukuta kwanza. Kamera nyingi za sasa zinatambua uso na kuupa uzito zaidi katika hesabu, na hilo limesaidia kweli. Lakini pengo likiwa kubwa mno hata hizo hushindwa, maana kihisi kidogo cha kamera ya kompyuta hakina uwezo wa kubeba mchana wa nje na uso ulio kivulini katika picha moja. Lazima kimojawapo kipotee.

Msomaji mwenye ngozi nyeusi anayehisi kwamba vyombo hivi havikutengenezwa kwa kumfikiria yeye, hakosei. Kwa miongo mingi Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya mfano ili zirekebishe rangi, na kwenye kadi hiyo alikuwapo mwanamke mweupe. Mafundi waliiita Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imetengemaa, na watu wa rangi nyingine walitoka walivyotoka. Miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu zikaboreshwa kwenye rangi za kahawia walikuwa wafanyabiashara wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao zilikuwa zikitoka vibaya katika matangazo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990. Vihisi vya leo vimepiga hatua, ila tabia ya kutafuta wastani imebaki, na anayekaa mbele ya ukuta mweupe bila kuupangilia mwanga ndiye anayelipa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, punguza pengo. Uso upate mwanga mwingi, vilivyo nyuma yake vipate mchache. Dirisha moja na taa moja vinatosha kabisa, mradi ujue kipi kinaongoza na kipi kinasaidia.

Tuanze na dirisha. Shika simu, washa kamera ya mbele, inyooshe mkono mbele ya uso, kisha simama kama mita moja kutoka dirishani na ujizungushe polepole, hatua kwa hatua, ukitazama uso wako kwenye kioo cha simu. Usiangalie chumba, angalia macho. Ukiwa umelipa dirisha mgongo, macho ni mashimo mawili. Ukigeuka ubavu, shavu moja linawaka na jingine linazama, na pua inatupa kivuli kirefu. Endelea kugeuka. Itafika mahali ambapo nukta ndogo nyeupe, taswira ya dirisha lenyewe, inatokea katika mboni zote mbili, na shavu la mbali nalo lina mwanga kiasi. Mara nyingi hapo dirisha linakuwa mbele yako kwa pembeni, karibu nyuzi 30 hadi 45 kutoka pua inakoelekea. Meza inapaswa kuwekwa hapo, hata kama ni lazima kusogeza kitanda.

Ukilikabili dirisha moja kwa moja, uso utang'aa pote na utakuwa bapa, bila umbo la pua wala taya. Wapo wanaopenda hivyo kwa sababu makunyanzi hupotea. Mimi naona kivuli chepesi upande mmoja humfanya mtu aonekane ana mwili. Hilo ni suala la ladha, na ukiwa na haraka, kulikabili dirisha hakujawahi kumwaibisha mtu.

Umbali una kazi mbili. Mita moja au pungufu kidogo huupa uso mwanga mwingi, na wakati huohuo huacha ukuta ulio mita tatu au nne nyuma yako upate mchache zaidi, kwa sababu mwanga wa dirisha hufifia kadiri unavyoingia chumbani. Ukisogea nyuma mpaka katikati ya chumba, wewe na ukuta mnaanza kupata mwanga unaokaribiana, na kamera inarudi kuuona ukuta. Ndiyo maana kukaa karibu na dirisha na mbali na ukuta ni bora kuliko kukaa umeegemea ukuta, hata ukuta wenyewe ungekuwa na kitambaa cha kupendeza kiasi gani.

Sasa kuna ushauri mmoja unaozunguka sana katika mafunzo ya upigaji picha kutoka Ulaya na Marekani: tafuta dirisha linaloangalia kaskazini, maana jua haliingii hapo. Kwa aliye London au Toronto ushauri huo ni sahihi karibu mwaka mzima. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, mambo ni mengine. Mwezi Juni jua la saa 6 mchana liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 juu ya upeo, na dirisha la kaskazini linaweza kupigwa nalo. Desemba jua lipo upande wa kusini, juu zaidi, kama nyuzi 73. Nairobi na Kampala nako jua huhama upande katikati ya mwaka. Kwetu madirisha yenye shida kubwa ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi jioni, saa ambazo jua liko chini na linaingia ndani mpaka ukutani. Dirisha la kaskazini au la kusini lenye upenu mrefu wa mabati huwa tulivu karibu siku nzima, kwa kuwa linapokea anga wala si jua lenyewe.

Jua lenyewe likikuangukia usoni, utalijua kwa alama mbili. Ya kwanza ni nondo za dirisha kujichora usoni kwa mistari. Ya pili ni doa jeupe kwenye paji au ncha ya pua ambalo halina tena rangi ya ngozi, ni weupe mtupu. Hapo picha imeungua, na hakuna mpangilio utakaorudisha kilichopotea. Dawa yake ni pazia jepesi jeupe, au shuka jeupe lililobanwa kwa vibanio vya nguo. Kitambaa kinageuza jua, ambalo kwa kamera ni chanzo kidogo na kikali, kuwa uso mpana unaotoa mwanga laini kutoka kila upande wake. Pazia liwe jeupe kweli. Pazia la kijani litakupa uso wa mgonjwa, na ukuta wa jirani uliopakwa rangi kali mita mbili nje ya dirisha hufanya vivyo hivyo, jambo ambalo watu huhangaika nalo muda mrefu bila kutazama nje.

Upana huo wa chanzo ni muhimu zaidi kwa ngozi nyeusi kuliko watu wanavyodhani. Ngozi hurudisha mwanga kwa namna mbili: sehemu moja huingia kidogo, ikatawanyika na kutoka ikiwa na rangi ya ngozi, na sehemu nyingine hugonga juu na kurudi moja kwa moja kama mng'ao. Kwa ngozi nyeusi sehemu ya kwanza ni ndogo, kwa hiyo mng'ao ndio unaochora umbo la uso: mstari wa shavu, daraja la pua, ukingo wa paji. Chanzo kikiwa kidogo, kama tochi ya simu au globu tupu, mng'ao huo ni nukta kali zilizotapakaa juu ya giza. Chanzo kikiwa kipana, mng'ao hutanda na uso mzima hupata umbo. Anayeona uso wake una giza hukimbilia kuongeza nguvu ya taa, wakati mara nyingi kinachohitajika ni kuipanua. Na usijifute mafuta yote ya uso ukabaki mkavu. Mafuta kidogo yanasaidia mradi mwanga ni mpana. Tishu ipitishwe tu kwenye paji na pua.

Sasa taa. Watu huitarajia ifanye mengi kuliko uwezo wake, kwa hiyo tuipime. Globu ya LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800. Ikiwa mita moja kutoka usoni, bila kava la kuelekeza mwanga, utapata laksi kati ya 60 na 100 hivi. Dirisha la kawaida mchana wa mawingu, ukikaa mita moja, hukupa laksi mia kadhaa, na mara nyingine kupita 1,000. Yaani mchana taa hiyo haiwezi kushindana na dirisha, na usiitake ishindane. Kazi yake mchana ni kulainisha kivuli cha shavu la mbali. Iweke upande ulio mkabala na dirisha, uielekeze kwenye ukuta mweupe au karatasi ya manila nyeupe iliyo karibu nawe, mwanga urudi usoni kutoka hapo. Kama chumba ni kidogo na kuta zake ni nyeupe, jaribu kwanza bila taa. Manila peke yake, ikisimama nusu mita kutoka shavu la mbali, mara nyingi inatosha.

Usiku au jioni taa inakuwa kiongozi, na hapo umbali ndio silaha yako. Ukiisogeza taa ndogo kutoka mita moja hadi nusu mita, uso unapata mara nne ya mwanga wa awali, na ukuta wa nyuma haupati nyongeza ya maana. Iinue juu ya usawa wa macho, iwe pembeni kidogo, ili kivuli cha pua kishuke kuelekea pembe ya mdomo. Taa iliyo chini ya kidevu, au kioo cha kompyuta chenye mwanga mkali kwenye chumba cha giza, huwasha pua kwa chini na matundu yake, na kumpa mtu sura ya kutisha watoto. Taa ya dari nayo, peke yake, hufanya kinyume: macho yanazama chini ya nyusi. Tena taa ya dari ikiwa juu ya panga boi, kila panga linapopita linakata mwanga, na uso wako unapepesa kikao kizima. Zima kimoja kati ya viwili hivyo.

Mwenye miwani ana shida ya ziada, kwamba taa inajitazama kwenye vioo. Mwanga hurudi kwa pembe ileile ulioingilia, kwa hiyo ipandishe taa na uisogeze pembeni mpaka taswira yake itoke kwenye vioo kama vinavyoonekana kwenye kamera. Kuinua mikono ya miwani milimita chache juu ya masikio, ili vioo viiname mbele kidogo, humaliza kazi iliyobaki.

Kuna jambo la rangi pia. Kwenye boksi la globu huwa kuna namba: `3000K` ni mwanga wa njano, `6500K` ni mweupe wenye ubuluu. Mchana wa kawaida uko karibu na 5500, na anga tupu bila jua huenda juu zaidi. Ukichanganya dirisha na globu ya 3000, shavu moja litakuwa la buluu na jingine la machungwa, na kamera haiwezi kuyarekebisha yote mawili, kwa kuwa ina marekebisho mamoja tu kwa picha nzima. Kwa anayefanya kazi mchana karibu na dirisha, globu nyeupe ndizo zinazofaa. Usiku dirisha halipo tena, na globu yoyote itakubalika mradi isichanganywe na ya rangi nyingine.

Sasa tuviweke vyote pamoja. Mpwa wangu alinipigia siku moja.

"Shikamoo mjomba. Kesho nina usaili kwa Zoom, saa 11 jioni. Nimejitazama hapa, nusu ya uso ina mistari ya nondo na nusu nyingine sijioni kabisa."

"Marahaba. Dirisha lako linaangalia wapi?"

"Jua linakozama."

Ulikuwa mwezi Juni, Dar es Salaam. Saa 11 jua liko chini upande wa magharibi na linaingia chumbani moja kwa moja. Saa 12 na robo hivi limezama, na kiza cha kwetu hakicheleweshi: ndani ya nusu saa ni usiku. Usaili wa saa nzima ungeanza na mwanga mkali na kumalizika na mwanga hafifu. Hapo kulifanya dirisha liongoze ni kujitafutia balaa. Nilimwambia tuligeuze: taa iongoze tangu mwanzo, dirisha lisaidie tu, ili linapokufa asipoteze kitu kikubwa.

Alikuwa na taa ya mezani yenye globu ya wati 9, nyeupe, na chumba chenye kuta za krimu. Dirisha tukalifunika kwa shuka jeupe lililokunjwa mara mbili, likapunguza jua na kufuta mistari ya nondo. Meza ikageuzwa ili dirisha liwe upande wake wa kulia. Upande wa kushoto, mbele yake kidogo, kulikuwa na kabati. Kwenye mlango wa kabati akabandika manila nzima, kiasi cha nusu mita kutoka usoni, sehemu kubwa ikiwa juu ya usawa wa macho. Taa ikaelekezwa kwenye manila, si usoni. Mara ya kwanza aliiweka mbali sana na karatasi, mwanga ukamwagikia ukuta wote. Alipoisogeza hadi shibri moja, manila ikawaka na nukta nyeupe ikaonekana kwenye mboni zake. Kompyuta ikapandishwa juu ya vitabu mpaka kamera ikalingana na macho, na mwanga wa kioo ukashushwa hadi kama nusu.

"Hapo naona shavu," akasema. "Ila picha ina chenga, na nikipunga mkono unaacha mkia."

Alama hizo mbili ndizo zinazotueleza hali ya mwanga ndani ya kamera. Kamera ikikosa mwanga ina njia mbili za kuutafuta. Inaweza kuacha kila picha ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, hivyo kila picha ina nafasi ya thelathini ya sekunde tu. Ikihitaji zaidi ya hapo, kamera hushusha idadi hadi 15, na kila kinachotembea huacha mkia. Njia ya pili ni kuikuza ishara dhaifu iliyopatikana, ambapo kasoro zake zinakuzwa pamoja nayo, na hizo ndizo chenga. Zote mbili zikitokea, jibu la kwanza ni kusogeza chanzo karibu na uso, maana mpangilio hautengenezi mwanga ambao haupo. Alisogeza kiti kuelekea manila kwa upana wa kiganja. Mkia ukapungua, chenga zikabaki kidogo kwenye ukuta wa nyuma ambao hakuna aliyekuja kuutazama.

Baada ya hapo ndipo tukaingia kwenye mipangilio. Kwenye Zoom, ndani ya `Settings` sehemu ya video, kuna `Adjust for low light`. Ikiwa `Auto`, programu inaipandisha picha kila inapoona giza na kuishusha mwanga ukirudi, na uso unapanda na kushuka katikati ya sentensi. Tukaiweka `Manual` na kusogeza kitelezi kidogo sana. Kipimo chetu kilikuwa paji la uso: panda mpaka mng'ao wa paji uanze kupoteza rangi ya ngozi, kisha rudi nyuma kidogo. Uso uliopungukiwa kidogo bado una rangi zake, ila ulioungua haurudi. Kwenye Windows 11, ukifungua `Settings`, kisha `Bluetooth & devices`, kisha `Cameras` na kuichagua kamera yako, kuna `Brightness` na `Contrast`. Hizi mara nyingi hurekebisha picha ikiwa tayari imepigwa, hazibadilishi mwanga unaoingia, kwa hiyo ukizisukuma mbali unapausha weusi wa nywele bila kuongeza chochote usoni.

Anayetaka kushika usukani mwenyewe ana njia ya OBS, programu ya bure. Ukiongeza kamera na kufungua sifa zake, kuna kitufe cha `Configure Video`, na ndani yake ukurasa wa `Camera Control` wenye `Exposure`. Ondoa alama ya `Auto` hapo, na kamera inaacha kupiga hesabu za wastani. Namba zake kwenye Windows zinashangaza mwanzoni: `-5` ni thelathini na mbili ya sekunde, `-6` ni sitini na nne, yaani kila hatua kwenda chini inakata mwanga nusu. Kwa uso wenye taa moja ya jioni, `-5` ndiyo ya kuanzia. Ukihitaji `-4` ili uonekane, taa yako iko mbali. Kisha bonyeza `Start Virtual Camera`, na ndani ya Zoom uchague `OBS Virtual Camera`. Si kila kamera ya ndani ya kompyuta inakubali kuongozwa hivi. Zile za kuchomeka kwa waya wa USB mara nyingi hukubali.

Hapohapo pana dawa ya kero nyingine, mistari ya kiza inayopanda polepole juu ya picha. Umeme wetu wa gridi ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na globu za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Kamera iliyopangwa kwa nchi za mizunguko 60, kama Marekani, haiendi sambamba nazo. Tafuta `PowerLine Frequency (Anti Flicker)` na uweke `50 Hz`. Mistari ikibaki baada ya hapo, badilisha globu.

Mpwa wangu hatukumfungia `Exposure`. Kufunga kunafaa pale mwanga usipobadilika, kama usiku au mchana wa mawingu mazito. Kwake, dirisha lingekuwa linapungua dakika kwa dakika, na kamera iliyofungwa ingemwacha azame kidogo kidogo bila kujua. Tuliiacha kamera ijipimie, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na kitu cheupe cha kuivuruga: tulitundika kanga ya rangi iliyokolea ukutani, mita mbili nyuma ya kiti, uso ukabaki ndicho kitu chenye mwanga zaidi ndani ya picha.

Akauliza, umeme ukikatika je? Kompyuta ina betri na mtandao uko kwenye simu, kinachokufa ni taa tu. Nilimwambia aweke taa ya kuchaji ileile pembeni, ikiwa imejaa chaji na imeelekezwa kwenye manila ileile, ili akiiwasha mwanga utoke upande uleule na kivuli cha pua kisihame. Kama hana, afungue ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo cha kompyuta, apandishe mwanga wa kioo hadi mwisho, na asogeze uso karibu. Utakuwa mwanga wa buluu unaotoka chini kidogo, usiopendeza, lakini macho yatabaki yanaonekana mpaka usaili uishe.